Kumwomba mwenzako akufungulie faili ya ofisi: sema ni ipi, ni ya kazi gani na hadi lini

"Madam, nifungulie ile folda ya maziwa." Ujumbe kama huu ukiingia kwa mhasibu wa chama cha ushirika asubuhi ya shughuli nyingi, hawezi kuujibu. Folda ya maziwa ina miezi mingi ndani yake, ina makato ya dawa na chakula cha ng'ombe, ina nambari za vitambulisho na akaunti za benki za wanachama. Hajui unataka kipi, utakifanyia nini, wala utakiachia lini. Basi atanyamaza akingoja nafasi ya kukuuliza, au atakufungulia folda nzima ili umwondokee. Kunyamaza kunakuchelewesha wewe, na kufungua folda nzima kunamweka yeye pabaya.

Mimi hukaa upande wa kupokea maombi haya katika ofisi ya ushirika huku Kaunti ya Nakuru, na nataka kueleza ombi linalojibika linavyoandikwa. Nitatumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: afisa wa nyanjani anayehudumia wafugaji wa upande wa Elburgon na Turi, anayeomba kumbukumbu za kilo za maziwa kutoka kwa mhasibu. Kumbukumbu zenyewe ziko kwenye Google Drive, kama ilivyo kwa ofisi nyingi ndogo. Kwenye mfumo wa kompyuta wa chama mambo hubadilika kidogo, nami nitaligusa hilo kabla ya kumaliza.

Anza na kazi, ndipo uitaje faili

Afisa wetu ametumwa na meneja. Mvua ya masika imenyesha, nyasi zimejaa, na kwa kawaida maziwa yanayofika kwenye kituo cha kukusanyia yangekuwa yamepanda kufikia Mei. Kwa wanachama wengine hayakupanda. Tuseme mfugaji mmoja alileta kilo 14 kwa siku mwezi wa Februari na mwezi wa Mei bado yuko kwenye 13, ilhali jirani yake wa njia hiyo hiyo ya kukusanyia maziwa ametoka 12 hadi 19. Huyo wa kwanza huenda mmoja wa ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele, au amekaribia kuzaa na amekaushwa, au sehemu ya maziwa inakwenda kwa wachuuzi. Afisa anatakiwa awapate wafugaji wa namna hiyo, awatembelee, kisha aandike ripoti kwa kamati.

Akiitazama kazi hiyo, afisa anaona mwenyewe anachohitaji: nambari ya mwanachama, jina, njia, nambari ya simu ya kumpigia kabla ya kwenda, na kilo za kila siku kuanzia Februari hadi Mei, kwa njia mbili tu. Makato hayamsaidii. Nambari ya kitambulisho haimsaidii. Folda aliyokuwa karibu kuiomba imegeuka kuwa jedwali moja lenye safu tano. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujagusa simu, kwa sababu anayetoa ruhusa hawezi kukufanyia. Yeye anajua kilichomo kwenye folda, lakini wewe ndiye unayejua kazi.

Hapa sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 25, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililoelezwa wazi, na zisizidi kile ambacho kusudi hilo linahitaji. Ombi linalotaja safu tano badala ya folda nzima linampa mhasibu njia ya kukubali bila kuivunja sheria hiyo.

Jua nani ana mamlaka ya kukubali

Kwenye Google Drive, mtu mwenye kiwango cha `Editor` huweza kumwongeza mtu mwingine, isipokuwa mwenye faili awe amezuia. Lakini kuweza kubonyeza si sawa na kuwa na idhini. Mhasibu anaitunza folda, ila kuhusu taarifa za wanachama huenda mwenye kauli ni meneja. Ukimwendea mhasibu peke yake unamwachia mzigo wa kuamua jambo lisilo lake, na wengi katika hali hiyo husema "nitaangalia" kisha siku zinapita. Kama ni meneja aliyekutuma, liseme hilo na umweke meneja kwenye barua pepe ileile. Mhasibu akiona jina lake pale, hana haja ya kuandika barua ya pili kuuliza.

Angalia pia siku. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi ili wafugaji walipwe hana nafasi ya kukutengenezea jedwali. Ukiweza, omba baada ya malipo kutoka. Ukiwa huwezi kungoja, sema kwa nini huwezi.

Andika ujumbe wenyewe

Huu ndio ujumbe ambao afisa wetu anaweza kuutuma Jumanne, tarehe 9 Juni 2026:

> Habari ya asubuhi, Madam. Naomba ruhusa ya kusoma kumbukumbu za kilo za maziwa kuanzia Februari hadi Mei 2026, kwa njia za Elburgon na Turi pekee. Meneja, ambaye nimemweka kwenye barua hii, amenituma nitafute wanachama ambao maziwa yao hayakupanda baada ya mvua, niwatembelee, kisha niripoti kwa kamati Jumanne tarehe 30 Juni.
>
> Ninachohitaji ni nambari ya mwanachama, jina, njia, simu na kilo za kila siku. Makato, vitambulisho na akaunti za benki sivihitaji. Kusoma kunanitosha, sitabadilisha chochote.
>
> Naomba ruhusa hiyo hadi tarehe 30 Juni jioni, kwa sababu kamati inaweza kuniuliza maswali siku hiyo. Nikimaliza mapema nitakuandikia uniondoe. Akaunti ya kutumia ni hii hii ya ofisi ninayokuandikia nayo. Ningeshukuru nikiipata kufikia Alhamisi, maana Ijumaa naanza kupanga ziara.

Si ujumbe mfupi sana, lakini mhasibu anausoma mara moja tu na hana swali la kurudisha. Linganisha na ule wa "nifungulie folda", ambao huzaa simu tatu na siku mbili za kungojana.

Sababu ndiyo sehemu ambayo watu huiandika vibaya kuliko zote. "Kwa ajili ya kazi" si sababu, kwa kuwa kila mtu ofisini yuko kazini. "Kwa ajili ya ripoti" inakaribia, lakini haisemi ripoti ipi, ya nani, ya lini. Sababu nzuri ina kitendo, ina aliyekutuma, na ina kitakachotoka mwishoni. Pia iwe ya kweli yote. Kama meneja amekutuma uangalie pia nani anauzia wachuuzi, usiandike kwamba unafuatilia afya ya ng'ombe peke yake. Mhasibu akija kugundua kwamba taarifa alizotoa kwa jambo moja zimetumika kumwadhibu mwanachama kwa jambo jingine, atakuwa amedanganywa, na mwanachama naye atakuwa na haki ya kulalamika. Ikiwa suala ni la siri kiasi kwamba huwezi kuliandika, mwache meneja mwenyewe aombe.

Chagua kiwango cha chini kinachotosha

Folda ya kawaida ya Google Drive ina viwango vitatu utakavyoviona kwenye skrini: `Viewer` anasoma tu, `Commenter` anasoma na kuacha maoni pembeni, `Editor` anabadilisha na hata kufuta. Usipotaja kiwango unachotaka, mwenzako atabahatisha. Wengi wakibahatisha huchagua `Editor`, ili usirudi kesho kusema huwezi kuandika. Kwenye jedwali la malipo hatari yake iko wazi: kidole kikiteleza kwenye simu juu ya kilo 19 zikawa 9, mfugaji analipwa pungufu, na hakuna atakayejua mpaka aje dirishani na slipu yake.

Kumbuka pia jinsi folda inavyofanya kazi. Ukipewa folda, kwa kawaida unapewa folda zote ndogo na faili zote zilizomo, pamoja na zile zitakazowekwa humo kesho na mwezi ujao. Ndiyo maana ni afadhali kuomba faili moja. Na kama jedwali moja limechanganya kilo na akaunti za benki, kuficha safu hakutoshi, kwa sababu mwenye ruhusa ya kusoma, ikiwa hakuzuiwa kunakili, anaweza kujitengenezea nakala na kuzifunua. Dawa yake ni mhasibu kufungua jedwali jipya tupu, anakili zile safu tano, azibandike kama thamani peke yake kwa `Ctrl+Shift+V`, kisha akushirikishe hilo jipya. Kwa mtu anayelifahamu jedwali lake si kazi ya asubuhi nzima. Anaweza kuifanya kwa sababu ulimtajia safu unazozitaka.

Muda: toa tarehe, na ueleze ulivyoipata

"Kwa muda kidogo" haina maana. "Wiki tatu" ni bora, lakini wiki tatu kuanzia lini: siku ulipoandika au siku ulipofunguliwa? Andika tarehe ya mwisho.

Tarehe hiyo huipati kwa kukisia. Afisa wetu amehesabu hivi: kupitia jedwali na kuchagua wafugaji ni siku mbili. Ziara za njia mbili, pamoja na siku ambazo mvua itaharibu barabara, zitamfikisha tarehe 23. Ripoti ataikabidhi Alhamisi tarehe 25. Angeweza kuomba hadi siku hiyo, lakini kamati inakaa tarehe 30, na mjumbe mmoja akiuliza "huyu mwanachama Machi alileta ngapi?" atataka kulifungua jedwali palepale. Kwa hiyo anaomba hadi 30. Hazidishi mpaka mwisho wa Julai eti ikihitajika. Ukiomba siku tano za ziada zenye sababu, hakuna atakayekuhoji. Ukiomba mwezi mzima usio na sababu, umeonyesha kwamba hujaipanga kazi.

Mwenye kutoa ruhusa anaweza kuifunga tarehe hiyo ndani ya Drive. Anabonyeza `Share`, anakwenda kwenye mshale ulio kando ya jina lako, anachagua `Add expiration`, anaweka siku. Ikifika, ruhusa inaondoka yenyewe. Shida ni kwamba kipengele hiki hutolewa kwa akaunti za kazi au za shule zinazostahili. Ofisi inayotumia Gmail ya kawaida haitakiona. Hapo tarehe inabaki kuwa ahadi yenu wawili, na kila mmoja aiweke kwenye kalenda ya simu yake. Mhasibu akikuuliza "nitakumbukaje?", mjibu kwamba utamkumbusha wewe, na ufanye hivyo.

Kuna jambo ambalo tarehe hailigusi. Mtu aliyepewa kusoma tu anaweza pia kupakua faili, isipokuwa mwenye faili aondoe alama kwenye mpangilio unaoruhusu wasomaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Ruhusa ikiisha, nakala iliyo kwenye simu yako haiendi popote. Kwa hiyo, kama utahitaji nakala kwa sababu Turi mtandao hukatika ukiwa kwenye boma la mtu, liseme kwenye ombi: nitapakua nakala moja kwenye simu ya ofisi na nitaifuta tarehe 30. Usiombe utumiwe kwenye WhatsApp ili kurahisisha mambo. Faili ya namna hiyo haina tarehe ya mwisho, ikishapakuliwa hakuna anayeweza kuirudisha, na ikisambazwa kwenye kundi la maafisa nambari za simu za wafugaji zimekwisha kutoka.

Ukifungua ukakuta mlango umefungwa

Mara nyingi mhasibu anasema "nimeshakupa" na wewe unaona ukurasa ulioandikwa `You need access`. Kabla ya kumrudia, tazama duara la picha yako kwenye kona ya juu. Simu nyingi zina akaunti mbili, ya ofisi na ya kwako binafsi, na linki hufunguka kwa ile isiyofaa. Badilisha akaunti kisha ujaribu tena. Hili likiwa ndilo tatizo, usibonyeze `Request access`, kwa sababu mhasibu atapata ombi kutoka kwa anwani asiyoijua, na akilikubali, kumbukumbu za wanachama zitakuwa zimehamia kwenye akaunti yako ya nyumbani.

Kitufe hicho si kibaya. Kinapeleka ombi kwa barua pepe na kina kisanduku cha kuandika maneno machache. Tatizo ni watu kukibonyeza na kukiacha kisanduku kitupu. Kitumie baada ya kutuma ujumbe wako kamili, na kwenye kisanduku andika: "Ni lile ombi la tarehe 9, kilo za Elburgon na Turi, kusoma hadi 30 Juni."

Alhamisi ikipita kimya, mpigie simu au pita mezani kwake. "Madam, nilikuandikia Jumanne kuhusu kilo za maziwa, kuna kitu kinakukwaza?" Swali hilo linampa nafasi ya kusema kinachomzuia, labda meneja hajajibu, labda jedwali limechanganyika na makato. Akikataa, uliza ni sehemu gani anayoweza kutoa. Pengine majina na kilo anatoa, na simu utazipata kwa karani wa njia, ambaye anazo tayari kwa kazi yake.

Ikiwa ni mfumo wa chama, wala si folda

Hapa kuna jambo moja ambalo sina ulegevu nalo: usiombe pasiwadi ya mwenzako, hata kwa dakika tano, hata akiwa rafiki yako. Mfumo huandika kila jambo kwa jina la akaunti iliyolifanya. Ukiingia kwa jina la mhasibu na kiasi cha malipo kikabadilika, rekodi itasema ni yeye, na hatakuwa na la kujitetea. Omba akaunti yako mwenyewe yenye ruhusa ya kusoma ripoti peke yake, utaje ni ripoti gani, na utaje siku ya kuifunga, kwa maneno yaleyale ya ujumbe wa hapo juu. Mwombe meneja, naye amwelekeze anayesimamia mfumo. Na ikiwa unahitaji ripoti moja mara moja tu, pengine huhitaji akaunti hata kidogo. Mwombe mhasibu akutolee ripoti ya njia zako mbili, naye aiweke kwenye Drive.

Kuongeza siku na kufunga

Tuseme mvua imekata barabara na ziara zimesogea, kamati nayo imeahirisha kikao hadi tarehe 7 Julai. Andika kabla ruhusa haijaisha, useme kilichobaki: "Nimewafikia wafugaji wote wa Elburgon, Turi wamebaki sita, na kikao kimesogezwa hadi 7 Julai. Naomba uniongezee hadi siku hiyo." Usingoje ikatike ndipo uombe upya, maana mhasibu atalazimika kuitafuta barua ya kwanza na kuisoma tena.

Kazi ikiisha, hata kama ni tarehe 26 na ruhusa ni ya hadi 30, mwandikie mwenzako. Kujiondolea faili kwenye orodha ya `Shared with me` hakufungi chochote: linaondoka machoni pako tu, na ukiwa na linki bado unaingia. Anayefunga ni yeye, kwa kurudi kwenye `Share`, kubonyeza mshale wa jina lako na kuchagua `Remove access`, kisha kuhifadhi. Ujumbe wako unatosha kuwa hivi:

> Madam, ripoti imepokelewa na kamati. Nakala iliyokuwa kwenye simu ya ofisi nimeifuta. Tafadhali niondoe kwenye jedwali la kilo. Ahsante kwa kunitengenezea zile safu.

Akishakuondoa, ifungue ile linki ya zamani mara moja. Ukiona `You need access`, mjulishe kwamba imefungwa.